Mofini si unga: kupanda ngazi ya maumivu ya saratani

Hapa Tanga teja hahitaji kuelezwa. Ukimtajia mgonjwa mofini, cha kwanza kumjia ni arosto. Wahudumu wenzangu, tumfuate bibi mmoja wa Makorora, miaka 58, mwenye saratani ya mlango wa kizazi.

Hatua ya 1: pima. Muombe aonyeshe kwa mkono: ngumi ni kutoumwa kabisa, vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Bibi alionyesha vinne, ilhali anameza parasetamoli gramu 1 mara nne kwa siku. Diklofenaki sikumpa. Saratani hii huweza kuziba mirija inayotoka kwenye figo, na dawa hiyo ingezidi kuziumiza.

Hatua ya 2: tramadoli, miligramu 50 mara tatu, pamoja na parasetamoli. Vidole vikashuka hadi vitatu, siku ya tatu vikarudi vinne. Sikumchelewesha hapo.

Hatua ya 3: mazungumzo kabla ya chupa. Wengi huiruka hatua hii, kisha dawa hukaa kabatini haijaguswa.

"Mwanangu, unataka niwe teja uzeeni?"

"Bibi, ukinywa utataka nini?"

"Nilale tu."

"Teja anatafuta stimu, wewe unatafuta usingizi."

Usimuahidi kwamba mwili hautazoea. Utazoea, na ndiyo maana haikatwi ghafla bali hupunguzwa kidogo kidogo. Uteja ni kuitamani na kuisaka hata inapokudhuru, na hilo ni nadra kwa anayeinywa kutuliza maumivu ya saratani. Halafu uliza kama nyumbani yupo anayetumia unga. Kwa bibi alikuwepo mjukuu, basi chupa ikafungiwa sandukuni na binti akashika ufunguo.

Hatua ya 4: mofini ya maji, ya miligramu 5 kwa mililita 5. Tramadoli nikaiondoa, parasetamoli ikabaki. Alikunywa mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, kisha 10 saa 4 usiku ili asiamke usiku wa manane. Maumivu yakichomoza katikati, anaongeza 5 na binti anaandika. Siku hiyo hiyo nikamwanzishia bisakodili, kwani choo kigumu hakiishi kama kichefuchefu kinavyoisha baada ya siku chache.

Hatua ya 5: hesabu. Kesho yake daftari lilionyesha dozi tatu za ziada. Miligramu 30 za ratiba na 15 za ziada ni 45. Gawa kwa 6, maana ya usiku ni dozi mbili kwa pamoja, upate 7.5, ndiyo dozi mpya. Ya usiku 15. Siku ya nne alionyesha kidole kimoja.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida. Lakini akiwa haamshiki vizuri, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, pumzi zinakwenda polepole, au misuli inashtukashtuka, zuia dozi inayofuata, mpeleke hospitali mara moja, na figo zipimwe.

Bibi alikwenda Ocean Road kupigwa mionzi. Maumivu yalipopungua tukashusha dozi hatua kwa hatua, na arosto aliyoiogopa hakuiona.