Somo: Nyekundu juu ya nyeusi, na kwa nini kikokotoo pekee hakitoshi

Kila wiki naulizwa kama nembo au bango fulani "linasomeka". Nimeandika mara moja, soma kabla ya kuuliza.

1. Chukua namba za rangi ya maandishi na ya nyuma yake kutoka kwenye faili lenyewe.

2. Ziweke kwenye kikokotoo cha WebAIM Contrast Checker, kinachopima tofauti ya mwangaza kati ya rangi mbili. Maandishi ya kawaida yafike 4.5:1, makubwa 3:1.

3. Yatazame kwa jicho la asiyeona wekundu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitengenezea mkahawa mmoja wa Ngara bango la bei: vyakula kwa nyeupe, bei kwa nyekundu `#FF0000`, yote juu ya nyeusi. Kikokotoo kilinipa 5.25:1, nikapeleka kuchapisha. Siku chache baadaye mteja akasimama mbele ya bango, akauliza, "Mbona hamjaandika bei?" Kikokotoo hupima mwangaza kwa jicho la kawaida. Mwenye protanopia hana chembe za jichoni zinazonasa vizuri mwanga mwekundu, kwa hiyo nyekundu kwake ni giza, na bei zangu zilizama kwenye weusi. Nilichapisha upya kwa pesa yangu: bei nyeupe, nyekundu ikabaki mstari mnene chini ya jina la mkahawa.

Kwenye Photoshop fungua:

```
View > Proof Setup > Color Blindness - Protanopia-type
```

Tahadhari: kugeuza kazi iwe ya kijivu hakutakuonyesha kosa hili, maana kijivu nacho hukokotolewa kwa jicho la kawaida.

4. Chapisha kipande, kibandike ukutani, kitazame kutoka mbali, juani na jioni.

Maswali

*Mwanachama:* Kwa hivyo nyekundu juu ya nyeusi ni sawa ikipita 4.5?

*Jibu:* Hapana. Soma hatua ya 3.

*Mwanachama:* Mteja wangu hataki kabisa kuacha nyekundu yake. Nyekundu juu ya nyeupe je?

*Jibu:* Swali zuri. Juu ya nyeupe, giza analoliona mwenye protanopia linakusaidia, kwa sababu herufi zinazidi kuwa nzito machoni pake. Shida inahamia kwa wenye macho hafifu: `#FF0000` juu ya nyeupe ni kama 4:1, inatosha kichwa kikubwa tu. Ipunguze mwanga kidogo, na mteja bado ataiita nyekundu yake.

*Mwanachama:* Mimi hushikwa na stika za Lipa na M-Pesa. Namba nyeupe juu ya kijani kibichi, mama wa duka anaitaja kwa mdomo siku nzima.

*Jibu:* Nyeupe juu ya `#4CAF50` ni 2.78:1. Shuka hadi `#1B5E20`, utapata 7.87:1. Na namba yenyewe igawanye kwa nafasi, tarakimu tatu tatu. Asiyeona vizuri hupotea katikati ya mfululizo mrefu hata rangi zikiwa sawa.