Ukiandikia ofisi ya udahili, taja alama si divisheni

Kwa mliomaliza kidato cha sita Tanzania: barua pepe inayosema "nina divisheni two, naweza kusoma nini?" hujibiwa kwa kutumiwa kitabu kizima cha mwongozo wa TCU. Andika kozi moja unayoitaka, tahasusi yako, na alama ya kila somo.

Mfano, EGM: Uchumi C, Jiografia D, Hisabati S. C ni pointi 3, D ni 2, jumla 5, kwa hiyo kima cha chini cha shahada, yaani principal mbili zenye pointi 4, umekivuka. Lakini S si principal, na kozi inayodai principal ya Hisabati itakukataa. Basi uliza hilo hasa: "Hisabati yangu ya S inakubalika kozi hii?"

Tarehe ulizia kwa awamu, maana dirisha la maombi hufungwa na kufunguliwa tena, na kozi zinazogombaniwa hujaa mapema.

Ufadhili wa chuo iulize ofisi hiyo hiyo ya udahili. Mkopo ni HESLB, na huko tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, na hapo ndipo wengi huchanganya.