Kabla hujachimba shimo la kwanza la shedineti: mambo ya kuweka sawa mapema

Wengi tukitaka kuweka kivuli juu ya mboga tunaanza na miti. Mtu anaenda kununua mirunda, anachimba mashimo kila mita nne kwa sababu mita nne ni namba nzuri, alafu ndo anaenda dukani kuulizia neti, anakuta neti nayo ina upana wa mita nne kamili, anafurahi. Siku ya kufunga sasa anagundua hana hata sentimita moja ya kukunja pembeni, anafunga neti kwa ule uzi wa mwisho kabisa, na upepo wa kwanza unaichana kuanzia kwenye pindo. Kwa iyo jambo la kwanza ni hili: nunua neti kwanza, itandaze chini, ipime kwa tepu, kisha upana wake ndo ukuambie mashimo yakae wapi.

Nitumie mfano wa shamba la Dodoma maana kule jua ni kali, upepo wa kiangazi hauna mchezo na mchwa wamejaa, ukiweza kule pengine utaweza. Tuseme unataka kufunika matuta manne ya mchicha, chainizi na hoho, kila tuta upana mita 1.2 na urefu mita 10, yamelala mashariki kwenda magharibi. Neti yako ina upana wa mita 4. Toa sentimita 15 kila upande za kukunjia, inabaki mita 3.7, basi hiyo 3.7 ndo umbali kati ya nguzo na nguzo. Vipande viwili vya neti vikikaa sambamba unapata upana wa mita 7.4, na kwa urefu ukiweka nafasi tatu unapata mita 11.1. Nguzo zinakuwa 12, safu tatu zenye nguzo nne nne.

Hapo kuna kitu cha kuangalia kabla ya kuendelea. Safu ya katikati inaangukia wapi? Ukiwa na matuta matano nguzo za katikati zitaota katikati ya tuta la tatu, kila ukipalilia unazizunguka. Ndo maana nimesema matuta manne, ili katikati iwe njia, na hiyo njia uipe sentimita 80 badala ya 50 ili toroli ipite pembeni ya nguzo. Jumla matuta na njia ni mita 6.6, zinabaki sentimita 40 kila upande, inatosha.

Kuhusu neti yenyewe, kwa mboga za majani chukua ya asilimia 50, kwa nyanya na hoho za kuzaa asilimia 30 hadi 40 inafaa zaidi. Ile nzito ya 70 au 80 muuzaji atakusifia sana, ila hiyo ni ya kitalu au ya kuegesha gari, mboga chini yake zinarefuka shingo na majani yanakuwa mepesi. Tafuta iliyosukwa kwa vifundo, ambayo ukiikata kwa mkasi haifumuki, muombe muuzaji akate kipembe kidogo uvute nyuzi uone. Kwa mfano wetu vipande viwili vya mita 11.5 ni mita 23, na kwa mapazia ya pembeni ongeza, ukinunua mita 35 uko salama.

Mapazia ya pembeni ni ya nini? Hapa ndo watu wengi wanashangaa, wameweka neti sawasawa juu ya tuta lakini saa sita mchana tuta la pembeni linaungua. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mwezi wa sita jua la mchana linakuwa limeegemea kaskazini, kwa iyo neti iliyo juu mita 2.4 kivuli chake kinasogea kusini kama mita 1.3 hivi. Maana yake lile tuta lako la kaskazini mwezi wa sita linakaa juani karibu lote. Mwezi wa kumi na mbili jua linahamia kusini na kivuli kinasogea kaskazini, ila kidogo tu, kama sentimita 75. Basi panga kabisa pazia la mita moja linaloning'inia upande wa kaskazini, na lingine upande wa magharibi kwa ajili ya lile jua la saa tisa saa kumi linaloingia kwa chini. Au tuta la kaskazini panda kitu kinachopenda jua, bamia kwa mfano, maisha yaendelee.

Sasa nafasi ya nje. Nguzo hizi hazisimami kwa sababu zimechimbiwa, zinasimama kwa sababu zinavutwa nje na stei, yaani waya unaotoka kichwani mwa nguzo ya pembeni kwenda kwenye nanga iliyozikwa ardhini. Stei nzuri inatua mbali na nguzo sawa na urefu wa nguzo, hapa mita 2.4. Ukiileta karibu karibu inaigandamiza nguzo chini tu na haiivuti. Kwa iyo eneo lako la mita 11.1 kwa 7.4 linahitaji uwanja wa karibu mita 16 kwa mita 12 na kidogo. Pima hiyo kabla, maana ukishachimba ndo ukagundua stei mbili zinaangukia kwa jirani au katikati ya njia ya ng'ombe ni mgogoro. Kila mstari wa waya unapoishia pawe na stei, mistari mitatu ya urefu na minne ya upana, ncha 14, stei 14. Nguzo za kona zinapata mbili mbili, kila moja ikinyooka na mstari wake.

Nanga usifanye kwa kigingi cha kugongelea, kwenye kichanga kitang'oka kama jino bovu. Chukua kipande cha gogo gumu au bomba la sentimita 70 hivi, kilaze chini kwenye shimo la kina cha sentimita 70, kikatize mwelekeo wa mvuto, katikati yake fundi wa kuchomelea akutengenezee ndoano ya nondo ya milimita 12 inayotokeza juu ya udongo. Stei inafungwa kwenye nondo huko juu, usizike waya wenyewe maana udongo wenye unyevu unaula bila wewe kuona. Rudisha udongo kidogo kidogo ukishindilia. Na nanga uziweke mapema, mvua moja au ndoo kadhaa za maji zipite juu yake, udongo ukae kabla hujaanza kuzivuta.

Nguzo. Juu ya ardhi mita 2.4 na chini sentimita 70, kwa iyo tafuta za mita 3.2, kona ziende chini zaidi kama unaweza. Mrunda mbichi usio na dawa kule mchwa wanaumaliza kwa chini wakati juu bado unaonekana mzima, chukua zilizotibiwa kiwandani au bomba la zinki. Kupaka oili chafu kwenye miti inayosimama katikati ya mboga unazokula sikubaliani nako kabisa. Kwenye shimo tanguliza kokoto, maji yapate pa kushukia. Pembe zako uzipime kwa kamba: ulalo wa kona hadi kona pande zote mbili usome mita 13.34, zikitofautiana mstatili wako umepinda na neti itakuwa na mikunjo upande mmoja hutaweza kuiondoa.

Waya usinunue bainding waya ile laini ya kufungia nondo kwa kazi ya kubeba. Inarefuka, leo umekaza, wiki ijayo imelegea, na kila ukikaza inazidi kuwa nyembamba. Nunua waya mgumu wa zinki wa milimita 2.5, ule wa uzio. Hesabu yake hapa ni mita 63 za mistari, mita 10 za kuzungushia ncha, na stei 14 za mita 4.4 kila moja ni kama 62, jumla 135, chukua 150. Na vikaza vyake vile vya skrubu, angalau kimoja kila mstari, ili baadaye ukaze kwa spana bila kufungua fundo.

Ila kukaza nako kuna kiasi chake na naomba hapa mnielewe vizuri. Waya hauwezi kunyooka kabisa ukiwa na mzigo. Ukitundika kidumu cha lita 5 kilichojaa maji katikati ya ile nafasi ya mita 3.7 na waya ukashuka sentimita 10, waya unavuta nguzo kwa karibu kilo 46. Ukiukaza mpaka kidumu kilekile kiushushe sentimita 2 tu, mvuto unapanda hadi kilo 230 hivi! Mzigo haujaongezeka hata gramu, umenyoosha tu. Kwa iyo tumia kidumu kama kipimo chako, sentimita 8 mpaka 10 acha hapohapo.

Siku ya kutandaza anza asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, na uwe na watu wanne wa kona, neti ya mita 11 ikishikwa na upepo mtu mmoja haiwezi. Kabla haijapanda, vichwa vyote vya nguzo na ncha zote za waya viwe vimeshavishwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Pindo kunja mara mbili kuzunguka waya, shona kwa uzi wa nyavu za samaki kila sentimita 15 hadi 20, sindano ipite kwenye tabaka zote. Zile zip tai nyeupe ziache, jua linazikausha zinakatika zenyewe, kama ni lazima chukua nyeusi za nje. Anza kona nne, kisha katikati ya kila upande, alafu ndo ujaze. Ikazwe hadi isipige makofi, ila mkono ukiisukuma ibonyee.

Baada ya upepo wa kwanza mkubwa zunguka uangalie chini, sio juu. Ukiona mwanya wa udongo umbo la mwezi mchanga nyuma ya nguzo, upande wa nje, nguzo imevutwa ndani, nanga yake imeachia, na kukaza waya hapo kunaivuta ndani zaidi, fukua nanga uizike upya.

Mwisho kabisa amua tangu mwanzo upande upi utafunguka. Masika ya Dodoma, kuanzia Desemba hadi Machi au mapema Aprili, kuna siku za mawingu mfululizo na mboga zinataka mwanga wote. Kwa iyo ile mishono ya pande za nje usiishone moja kwa moja, pitisha kamba ndefu moja ya nailoni kwa kuzungusha, ukiivuta inatoka yote na neti unaikunja kuelekea kwenye waya wa katikati, unaifunga hapo mpaka jua lirudi.