Ukiuza hisa kwa mafungu, andika gharama iliyobaki

Kwenye kikundi chetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, hesabu ya faida ya hisa ilikuwa inagoma kila tukiuza kidogo kidogo. Dawa ni safu moja zaidi kwenye daftari: kila ukiuza, andika gharama ya hisa zilizobaki, si ya zilizouzwa tu. Gharama iliyouzwa ukijumlisha na iliyobaki lazima irudi kwenye pesa mliyotoa.

Tuseme mlinunua hisa 200 kwa shilingi 400 kila moja, kisha 300 kwa 500, kamisheni ya dalali ikiwa ndani. Jumla 230,000. Mnauza 250 kwa 600, mnapata 150,000.

Kwa wastani, kila hisa ni 460: zilizouzwa 115,000, faida 35,000, zimebaki 115,000. Kwa ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, zinaondoka 200 za 400 na 50 za 500: gharama 105,000, faida 45,000, zimebaki 125,000.

Kosa letu lilikuwa kuuza kwa wastani, halafu mwenzetu akamalizia kwa njia ya pili. 115,000 na 125,000 ni 240,000: gharama ya 10,000 ambayo hakuna aliyeilipa! Shika njia moja mpaka hisa ziishe, na kama hesabu ni ya kodi, ile inayokubaliwa na sheria.

Safu hii haitakuonyesha kamisheni uliyosahau tangu mwanzo. Wala hisa za bonasi: gharama haibadiliki, idadi ndiyo inaongezeka, kwa hiyo gawanya upya kabla ya kuuza.