Friji ya chanjo za kuku: sikiliza kompresa, soma kipimajoto

Chanjo nyingi za kuku hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Zile za virusi au bakteria waliouawa, kama ya mafua ya kuku, zikiganda huharibika, hata zikiyeyuka zikaonekana nzima. Ndiyo maana friji inayoshuka kupita kiasi hunitia wasiwasi kuliko inayopanda kidogo.

Mfugaji mmoja wa Chanika aliniita akisema themostati yake ni mbovu. Tulitumbukiza kipimajoto kwenye kichupa cha maji, tukakiweka pale zinapokaa chanjo, tukawa tunasoma kila dakika. Kompresa ilizimika kwenye nyuzi 3 na kuwaka kwenye 6. Themostati ilikuwa sahihi: pengo hilo la nyuzi 3 huachwa makusudi, kompresa isiwake na kuzimika kila mara.

Tatizo lilikuwa kwingine. Kompresa ikizimika, bamba la baridi bado lina ubaridi wake, na joto liliendelea kushuka kwa dakika 5. Ikiwaka nayo, bamba lilichukua dakika 5 kupoa. Friji ilikuwa karibu tupu, hivyo ilishuka nyuzi 0.4 kwa dakika na kupanda 0.2. Zidisha kwa 5: chini inapitiliza kwa nyuzi 2, juu kwa nyuzi 1. Basi chanjo hazikuwa kati ya 3 na 6, bali kati ya 1 na 7. Karibu na ukuta wa nyuma huwa baridi zaidi.

Mzunguko nao unahesabika. Kupanda nyuzi 6 kwa 0.2 ni dakika 30, kushuka kwa 0.4 ni dakika 15, jumla 45. Saa ya ukutani ilituonyesha karibu hivyo hivyo. Hesabu isipolingana na saa, kasi uliipima vibaya, au mlango ulifunguliwa katikati.

Wengi hukimbilia kupunguza pengo. Hapa hata likiwa sifuri, nyuzi 3 za kupitiliza zingebaki, na kompresa ingewaka mara nyingi zaidi. Tulijaza chupa za maji yaliyokwisha kupozwa, tukaacha nafasi hewa ipite. Uzito wa kupozwa uliongezeka maradufu, kasi zote zikapungua nusu: 0.2 kushuka, 0.1 kupanda. Kupitiliza kukawa nyuzi 1 chini na nusu nyuzi juu, yaani 2 hadi 6.5, na mzunguko dakika 68 hivi. Kwa kuwa 2 ni ukingoni, tulipandisha themostati nyuzi 1, ikawa 3 hadi 7.5.

Januari na Februari joto la Dar likizidi, kupanda huwa kwa kasi zaidi na kushuka kwa taratibu, hivyo kilele husogea kuelekea 8. Pima upya miezi hiyo, mchana, wakati wa joto kali.