Kuvuka vilima vya Ngong ukitokea Mara upepo ukiwa wa mashariki

Hii ni kwa wale wa ndege ndogo, Cessna 182, 206 na kadhalika, mnaorudi Wilson kutoka Mara. Wakati wa kwenda Ngong haisumbui sana manake upepo unakusukuma kwa nyuma, shida iko kwenye kurudi, unakuja upande wa Bonde la Ufa, upande ambao upepo unashukia.

Kwanza uelewe kinachotokea. Umewahi kuangalia mto ukipita juu ya jiwe? Maji yanapanda, yanashuka nyuma ya jiwe, halafu yanatengeneza nundu moja, mbili, tatu, na zile nundu hazisogei japo maji yanakimbia. Hewa nayo hivyo hivyo ikivuka mlima, na hilo ndo tunaita wimbi. Juu kwenye nundu kumetulia kama mafuta, ila chini ya nundu, karibu usawa wa kilele cha mlima, hewa inajiviringisha kama pipa, hiyo ndo rota, na hiyo ndo inavunja vitu.

Hatua ya 1: soma upepo wa juu, sio wa uwanjani. Wilson inaweza kuwa na noti 8 tu na huko kileleni kuna 30. Mimi naangalia upepo wa futi 8,000 na 10,000. Ukiwa unakata mlima karibu kwa pembe mraba, umezidi noti 20 hivi, na unaongezeka kadiri unavyopanda, naanza kuwa na wasiwasi. Kitu cha mwisho ni hewa iliyotulia kwa matabaka, na hiyo Nairobi ya Julai unaiona kwa macho, lile wingu la kijivu lililolala bapa kama mtu amelikata kwa kisu juu.

Hatua ya 2: tafuta dalili ukiwa bado mbali. Wingu limekaa juu ya vilima linamwagika upande wako halafu linapotelea hewani, hapo hewa inashuka. Wingu laini la umbo la dengu ambalo halisogei, hiyo ni nundu. Vipande vya wingu vilivyochanika, vimepangana sambamba na mlima na vinajiviringisha, hapo usipite kabisa, wala chini yake.

Lakini usije ukasema hakuna wingu basi hakuna wimbi. Tarehe 5 Machi 1966 Boeing 707 ya BOAC iliondoka Tokyo, anga safi, ikapita karibu na Mlima Fuji upande upepo unakoelekea, ikavunjika hewani, watu 124 wakafa. Hewa ikiwa kavu wimbi halina nguo ya kuvaa.

Hatua ya 3: panda mapema. Kanuni niliyofundishwa ni kuongeza nusu ya urefu wa mlima kutoka chini yake hadi kileleni. Kilele cha Ngong ni kama futi 8,070, chini upande wa bonde chukua takriban 5,000, tofauti 3,000, nusu yake 1,500, kwa hiyo 9,600. Mimi naweka 10,000, na naifikia nikiwa bado katikati ya bonde, sio nimeshafika mlangoni ndo nahangaika.

Hatua ya 4: toa otopailoti kwenye kushika kimo. Siku moja nilikuwa na mzigo tu kwenye 206, nimeiacha ishike, nikashangaa pua inanyanyuka polepole na spidi imetoka 120 mpaka 85, kumbe hewa inazama na yenyewe inajitahidi kubaki pale pale, ingeendelea hivyo mpaka mbawa ziache kubeba. Ningekuwa naishika kwa mkono ningehisi mapema.

Hatua ya 5: usiuendee mlima moja kwa moja, uendee kwa pembe ya digrii 45, ili ukibadili mawazo ugeuke kidogo tu urudi bondeni. Angalia ardhi iliyo ng'ambo ya kilele. Ikizidi kuonekana, uko juu. Kilele kikianza kuimeza, unazama, na hapo usivute pua, geuka uende chini kulikowazi. Halafu panda tena, au zungukia kusini pale vilima vinaposhuka kwenye barabara ya Magadi, au rudi ukasubiri.

Hatua ya 6: ukijikuta kwenye rota tayari, shusha spidi mpaka ile ya misukosuko iliyo kwenye kitabu cha ndege yako, na kumbuka ndege ikiwa nyepesi spidi hiyo inapungua. Weka mbawa sawa, kimo kiache kipande na kushuka kama una nafasi chini, usipigane nacho kwa nguvu manake mkono wako ukijumlishwa na upepo ndo unapinda chuma. Ukitoka, sema kwenye redio ulikuwa wapi na kimo gani, kuna mwenzako nyuma dakika kumi ana abiria saba.