SOMO: Una nusu ya chipu zote mezani, kwa nini hupewi nusu ya pesa (poka ya mtandaoni)

Wakuu, naliandika hili mara moja ili atakayeniuliza tena faragha nimwelekeze hapa. Swali ni lilelile kila wiki: "Tumebaki watatu, naongoza kwa chipu, wenzangu wanataka tugawane tumalize, kompyuta imenipangia elfu 38 na ushee kwenye laki moja. Wananiibia?"

Hawakuibii. Kwenye meza ya pesa taslimu, chipu ni kama kilo ya sangara pale Mwaloni Kirumba: ina bei yake, unauza ukitaka, unaondoka na hela. Kwenye mashindano huwezi kuuza chipu hata moja. Kinacholipwa ni nafasi uliyomaliza. Tuchukue zawadi za laki moja: wa kwanza 50,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000. Mezani kuna chipu 10,000. Ukizikusanya zote, kila mtu akatoka, unalipwa 50,000. Sasa wewe mwenye chipu 5,000 unadai nusu ya laki, yaani 50,000 hiyohiyo ya bingwa, na bado kuna watu wawili hujawatoa. Haiwezekani.

Hesabu inayotumika inaitwa ICM. Hivi ndivyo inavyokwenda.

Hatua ya 1. Andika chipu za kila mtu. Hapa A ana 5,000, B ana 3,000, C ana 2,000.

Hatua ya 2. Nafasi ya kuwa wa kwanza ni fungu lako la chipu: A 0.5, B 0.3, C 0.2.

Hatua ya 3. Nafasi ya kuwa wa pili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo twende taratibu. Ili A awe wa pili, lazima mwingine awe wa kwanza. Tuseme B ameshinda, jambo lenye nafasi ya 0.3. Mtoe B mezani pamoja na chipu zake 3,000. Zinabaki 7,000, na A ana 5,000 kati ya hizo. Kisha fanya hivyohivyo kwa C: akishinda yeye, zinabaki 8,000. Jumlisha njia zote mbili:

```
A wa pili = 0.3 × 5/7 + 0.2 × 5/8 = 0.339
B wa pili = 0.5 × 3/5 + 0.2 × 3/8 = 0.375
C wa pili = 0.5 × 2/5 + 0.3 × 2/7 = 0.286
```

Angalieni sana: usiendelee kugawanya kwa 10,000. Chipu za aliyeshinda zimeshatoka kwenye hesabu. Dalili ya kosa inaonekana mapema: nafasi za wa pili za watu wote watatu lazima zijumlike kuwa 1. Ukigawanya kwa 10,000 utapata 0.62, na kila kitakachofuata kitakuwa kimeoza. Jumlisha kwanza, ndipo uendelee.

Hatua ya 4. Kilichobaki hadi kufika 1 ni nafasi ya kuwa wa tatu.

Hatua ya 5. Zidisha kila nafasi kwa zawadi yake, kisha jumlisha. A anapata 38,393, B 32,750, C 28,857. Jumla ni laki moja kamili.

Tazama C. Ana chipu 2,000 tu, lakini thamani yake inakaribia 29,000, kwa sababu 20,000 ya wa tatu ni yake tayari hata akitolewa mkono unaofuata.

Faida kubwa ya hesabu hii haiko kwenye kugawana. Iko kwenye uamuzi wa kukubali au kutupa karata. Tuseme A anakusukumia zote, wewe ni B mwenye 3,000. (Dau za lazima naziacha pembeni ili hesabu isichafuke.) Ukishinda unakuwa na 6,000, na A na C wanabaki na 2,000 kila mmoja. Thamani yako inapanda toka 32,750 hadi 41,000. Ukishindwa unatoka na 20,000. Chipu unazopata na unazopoteza ni zilezile 3,000, lakini kwa pesa unatafuta 8,250 huku ukihatarisha 12,750. Kwa hiyo unahitaji kushinda zaidi ya mara 60 katika 100 ndipo ikulipe. Mtu ana jozi ya nane, mwenzake ameshika karata ya A na karata ya K, mwenye jozi anafurahi kwamba yuko mbele. Ni kweli yuko mbele, kwa asilimia kama 55. Hapo anachoma pesa.

Maswali karibuni.

---

Mzawa wa Igoma: Mkuu ni ndefu sana. Kwa kifupi mwenye nusu anapata nusu au hapati?

Mwandishi: Hapati. Aya ya pili.

Mzawa wa Igoma: Sasa kwa nini asipate?

Mwandishi: Aya ya pili, ndugu yangu. Isome yote.

Fundi wa Nyegezi: Hizi ni hesabu za darasani. Mimi hao wawili nawazidi mchezo, siwezi kukubali elfu 38.

Mwandishi: Basi usikubali, hakuna aliyekulazimisha. ICM inachukulia wote mna uwezo sawa, na haiangalii nani amekaa wapi wala nani dau la lazima linamfikia sasa hivi. Kama kweli unawazidi, dai nyongeza au endelea kucheza. Ila kuwazidi mchezo hakuifanyi hesabu kuwa ya uongo.

Binti Ukerewe: Kaka, shikamoo na asante. Nina wazo. Kwa kuwa kila mmoja ana uhakika wa 20,000, kwa nini tusimpe kila mtu yake kwanza, halafu ile 40,000 iliyobaki tuigawe kwa chipu?

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza vizuri sana. Njia hiyo ipo na watu wanaitumia. Kwa mfano wetu A atapata 40,000, B 32,000, C 28,000. Linganisha na ICM: A amepata zaidi kwa 1,607, B amekatwa 750 na C 857. Inampendelea anayeongoza, kwa sababu ile 40,000 inagawiwa kana kwamba yote inagombewa kwa mkupuo mmoja, wakati 20,000 kati yake wanaigawana wa kwanza na wa pili kwa usawa, kumi kumi. Kwa hiyo ukiwa B au C, soma vizuri ni hesabu ipi kabla ya kubonyeza kukubali. Mkibaki wawili tu, njia yako na ICM zinatoa jibu moja.

Dagaa Mkavu: Nje ya mada kidogo. Huku Ilemela umeme ukikatika katikati ya fainali mnafanyaje?

Mwandishi: Weka bando kwenye simu na programu iwe imeshafunguliwa humo kabla fainali haijaanza. Muda ukiisha karata zako zinatupwa zenyewe, na dau za lazima zinaendelea kukatwa.

Binti Ukerewe: Kaka, la mwisho. A na B wakigongana hivyo, C aliyekaa pembeni anapata nini?

Mwandishi: Anapata pesa bila kugusa karata. A akishinda, C anabaki na chipu zake 2,000 dhidi ya 8,000, na nafasi ya pili ameshaipata: thamani yake inakuwa 34,000. B akishinda, C anakuwa na 29,500. Alikuwa na 28,857, kwa hiyo anapanda vyovyote vile. Pesa hiyo inatoka mifukoni mwa A na B. Ndiyo maana ukiwa C, na unaona hao wawili wanatafutana, unatupa hata mkono mzuri kiasi na kuwasubiri.